Hukuuliza Wangapi

Mimi wananiita Redio, na sikatai. Mdomo wangu haujui kupumzika, na miaka yote niliyomenya vitunguu kwa Mama Jiko hakuna aliyewahi kunishukuru kwa habari nilizomtangazia bure. Lakini Jumamosi ile nilinyamaza, mara moja tu, na wapo wanaonichukia kwa kunyamaza kule kuliko kwa maneno yangu yote. Wanichukie. Nitayaeleza yalivyokuwa, kisha kila mtu abaki na lake moyoni.

Jiko letu lilikuwa nyuma ya maghala, ukuta kwa ukuta na fundi seremala, kiasi kwamba siku za upepo tulipembua mchele na kupembua vumbi la mbao humo humo. Tulipika vyakula vya sherehe. Majiko manne makubwa ya gesi, masufuria ya ukubwa wa kuogeshea mtoto, na oveni moja ambayo mlango wake tuliuzuia kwa kigoda. Mwenye vyote hivyo ni Mama Jiko, mjane, mwepesi wa kucheka mbele ya mteja na mzito wa kucheka akiwa na sisi. Ufunguo wa jiko aliufunga kwenye pindo la kanga yake kiunoni. Akilala, analala nao. Nadhani hata kuoga alioga nao.

Siri ya jiko lile ilikuwa karanga. Tulizikaanga, tukazisaga, tukazitia katika kila mchuzi ili uwe mzito, na zilizobaki tukaziuza kwenye makopo. Ukikohoa mle ndani, unakohoa karanga.

Halafu kulikuwa na simu. Mama alikuwa na jina mjini, kwa hiyo watu walipiga kuuliza namna ya kupika hiki na kile, na wakishaelezwa wakaja kununua viungo kwetu. Shida ni kwamba watu hawajui kuuliza. Mtu anapiga, anasema, "Naomba unielekeze kupika kuku wa wageni," kisha anatulia anangoja. Hakwambii wageni ni watatu au ni mia. Hakwambii kama kuna mgonjwa kati yao. Hakwambii kama ana oveni au ana jiko moja la mkaa lililopasuka ubavu. Anadhani unamwona alipokaa.

Mama akaweka sheria: maswali mawili. "Mteja ukimwuliza mara mbili, anaona unamjali," alisema. "Ukimwuliza mara ya tatu, anaona unampeleleza. Swali la tatu ni la polisi." Basi tukakariri hivyo wote. Hata mtu akija kuazima chumvi, tulihesabu maswali.

Lakini sasa, katika yote usiyoyajua, yapi mawili uyaulize? Hapo ndipo penye kazi. Mama yeye siku zote aliuliza kwanza, "Mko wangapi?" Aliipenda ile namba. Ilimwonjesha ukubwa wa sherehe. Siku moja bwana mmoja akamjibu, arobaini, na Mama akamweleza kuku wa kuoka kwenye oveni, kipimo cha watu arobaini sawasawa, hata majani ya kupambia hakusahau. Siku ya shughuli yule bwana akatufikia jasho linamtoka, na mabeseni ya kuku wabichi nyuma ya gari. Hakuwa na oveni. Alidhani sufuria lenye mfuniko ni oveni. Mama alimcheka mbele yetu mpaka akashika meza, na kuku wale tukawaoka kwa bei ambayo sitaitaja.

Baada ya hapo simu akapewa Mkwe.

Mkwe ndiye mke wa mtoto wa pekee wa Mama Jiko. Jina lake analo, ila pale kwetu aliitwa hivyo tu, kama cheo. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuja kama mwezi mwandamo, unamwona leo kesho hayupo, na mwaka wa mwisho hata wa kuonekana hakuonekana. Mkwe akabaki kwa mama mkwe, katika chumba cha uani, na binti yao mdogo tuliyemwita Kijiko kwa sababu hakuachia kijiko mkononi hata usingizini.

Yule dada alikuwa mpole, lakini si mjinga. Watu huchanganya hayo mawili. Simu ikilia, aliuliza kwanza, "Kuna mtu hapo asiyeweza kula kitu fulani?" Kisha, "Unapikia nini?" Basi. Namba haulizi.

Nilimwambia siku moja, "Wewe nawe, mtu anapikia watu na hujui ni wangapi?"

"Da Redio," akasema, huku anapanga makopo, "wakizidi, ataongeza wali. Wakipungua, watakula kesho. Mimi nampa kipimo cha watu wanne na namwambia azidishe, ila chumvi aonje asizidishe kibubusa, na maji asizidishe yote maana sufuria kubwa halikaushi haraka kama dogo. Hilo linarekebishika. Jiko nalo likikosekana chakula hakipikiki kabisa, lakini angalau atagundua kabla ya wageni. Ila mtu akishameza kisichomfaa, utamwongezea nini? Maji?"

Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Mama alimchukia kwa hilo. Hakusema anamchukia, alimwita "mwanangu" kutwa mara kumi, lakini nilimwona anavyomtazama wateja wakiomba kuzungumza na "yule dada wa simu". Mtu mwenye jina hapendi kulisikia linapungua.

Sasa miguu ya Mama ilikuwa imeanza kuvimba. Kusimama jikoni ilikuwa adhabu. Kila mtu alijua ufunguo ule lazima ushuke kiunoni, na kila mtu alijua ushukie wapi, maana Mkwe ndiye aliyekuwa anaendesha kila kitu isipokuwa kujisifu. Na yeye mwenyewe aliutaka. Aliniambia wazi, bila haya: "Da Redio, mume sina uhakika naye. Kwetu wazazi wamekwisha, chumba kile si changu. Nikiwa na ufunguo, mimi na mtoto tuna mahali. Nisipokuwa nao, mimi ni mgeni anayeosha vyombo." Akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Jumatano, simu ikalia. Mkwe akapokea, mikono yangu ikiwa kwenye vitunguu na masikio yangu yakiwa kwenye simu, kama kawaida, maana spika ya simu ile haikujua siri.

Ilikuwa sauti ya Mama Jiko. Alikuwa nyumbani kwake, kitandani, miguu juu ya mto. "Mimi ni mteja," akasema. "Nataka unielekeze kupika chakula cha wageni wa Jumamosi. Ukinielekeza vizuri, asiumie mtu, asirudi mtu na njaa, chakula kisiharibikie jikoni, basi Jumamosi hiyo hiyo mbele ya wageni naufungua huu ufunguo. Umesikia, mwanangu? Una maswali mawili."

Mkwe akaniangalia. Uso ulikuwa umejaa mwanga. Nikamwonyesha vidole viwili, akatikisa kichwa kwamba anajua.

"Kuna mgeni asiyeweza kula kitu fulani?"

"Yupo mmoja. Ana mzio wa karanga. Hata kidogo tu koo linavimba, anashindwa kupumua. Wamenisisitizia sana."

Nikaona anabana midomo. Jiko la karanga, halafu mgeni wa namna hiyo. Hapo mtu wa kawaida angeuliza ni nani huyo. Lakini lilibaki swali moja tu, na yeye alikuwa na kazi nalo.

"Utapikia nini?"

"Hapa hapa nyumbani kwangu. Jiko la plati mbili, na moja inawaka kwa kususa. Oveni sina."

"Vizuri, Mama," akasema Mkwe, na sauti yake ikawa ile ya kazi. "Sijui mko wangapi, kwa hiyo nakupa kipimo cha kila watu wanne, utazidisha. Kuku mmoja mzima, vikombe viwili vya mchele. Usioke, usikaange vitu vya moja moja, plati haziruhusu. Fanya mchuzi. Kuku mpake chumvi mapema, mkaange kidogo kidogo apate rangi, usimjaze sufuriani atatoa maji. Toa. Kaanga vitunguu vingi, polepole, mpaka viwe vya kahawia na vilegee kabisa, hivyo ndivyo vitakavyokaa mahali pa karanga. Nyanya, zikauke mpaka mafuta yajitenge. Rudisha kuku, maji ya kufika nusu yake, viazi viwili, kimoja ukiponde mwishoni uzito upatikane. Wali upikwe kwanza, kwenye ile inayosusa, uufunike na kitambaa ubaki moto, ndipo plati nzuri iwe ya mchuzi. Na Mama, viungo visitoke hapa. Mafuta yasitoke hapa. Mwiko wa mbao usitoke hapa, mbao hunywa. Nunua vipya."

"Hujaniuliza wageni ni wangapi."

"Maswali yamekwisha, Mama."

"Haya," akasema Mama Jiko, na nikasikia anacheka, kicheko kile cha mbele ya wateja. "Sasa njoo ukipike mwenyewe. Wewe ndiye ninayekuamini. Na ujue mumeo anakuja."

Alipoweka simu chini Mkwe alikaa juu ya gunia la mchele akajifuta macho kwa kiwiko. Alinituma nikamnunulie mwiko mpya wa chuma. Sijawahi kuona mtu anafurahia mwiko namna ile.

Jumamosi nilikwenda naye kumsaidia. Nyumba ya Mama ilikuwa na jiko dogo uani na mlango mmoja wa kuingilia sebuleni. Tulifika mapema, tukasugua sufuria mara tatu, tukasugua meza, tukasugua mpaka mfereji. Mkwe alinifanya nivue kanga yangu ya kazini niiache nje kwa sababu ilinuka karanga, akanipa yake. "Mtu wa watu huyo," akasema. "Ametoka kwao akatuamini."

Mama alituletea kuku mwenyewe, akaishia mlangoni. Walikuwa wawili, wamekwisha kuchinjwa na kukatwakatwa. Mkwe akawaangalia, akahesabu kwa vidole, akatabasamu.

"Kuku wawili, basi ni watu wanane. Mama, mume wangu, mimi na Kijiko. Wageni wanne." Akainama kuwasha plati. "Labda ni wakubwa wake wa kazini."

Alikuwa ameoga, amesuka, amemvalisha Kijiko gauni la njano lenye mkanda. Alipika siku ile kama mtu anayeandika jina lake. Kila kipande kilipata rangi. Vitunguu viliyeyuka mpaka vikawa kama uji. Plati ile mbovu alikuwa ameipangia wali mapema, ikasusa ikishamaliza kazi yake. Nilionja mchuzi mimi, kwa ruhusa yake, na nasema kweli, sijawahi kuonja kitu cha namna ile bila karanga ndani yake. Ulikuwa mzuri kiasi cha kunitia wasiwasi.

Tukasikia gari. Tukasikia sauti, kicheko cha mume wake, salamu ndefu. Mkwe akataka kukimbia, Mama akatokea mlangoni akamzuia kwa mkono. "Tulia, mwanangu. Chakula kwanza. Meza nimepanga mwenyewe. Kijiko, njoo kwa bibi." Akamchukua mtoto.

Tukapakua. Mkwe akabeba bakuli kubwa la mchuzi, mimi nikabeba wali nyuma yake, tukaingia sebuleni.

Mezani alikuwepo Mwenye Ukumbi. Huyo namjua, kila mtu katika kazi yetu anamjua. Ukumbi mkubwa kuliko yote mjini ni wake, na anayepata kupika mle amepata shughuli za mwaka mzima. Pembeni yake mkewe. Kisha kaka yake Mama Jiko, mzee wa kuitika kila kitu. Kisha mume wa Mkwe, amenenepa, ana saa mpya. Na bega kwa bega na yeye binti wa Mwenye Ukumbi, msichana mzuri, mikono miwili mezani, na pete kidoleni ambayo yule bwana alikuwa anaichezea kwa kidole gumba. Mama Jiko mwenyewe. Na Kijiko, amekalishwa juu ya mito miwili ili afikie meza.

Viti saba. Sahani saba. Nilihesabu mimi, na nilimwona Mkwe anahesabu. Alihesabu mara ya pili kuanzia upande wa pili, kama mtu anayedhani amekosea.

"Weka hapo katikati, mwanangu," Mama Jiko akasema kwa upole. Kisha akawageukia wageni. "Huyu ndiye mpishi niliyewaambia. Mwangalifu sana. Kwa mtu mwenye mzio huwezi kupata mwingine kama huyu." Mke wa Mwenye Ukumbi akatabasamu kwa shukrani. Hakujua kitu yule mama, na binti yake pia hakujua, ilionekana machoni. Waliambiwa dereva ameshaachana na mke zamani. Mke tu ndiye aliyekuwa hajaambiwa.

Mkwe aliliweka bakuli. Hakulimwaga. Mimi ningelimwaga, tena mapajani mwa mtu ninayemjua.

"Mama," akasema, "tuko wangapi leo?"

Mama Jiko alikuwa amelingoja swali hilo tangu Jumatano. Nililiona linavyomshuka kooni kama kitu kitamu. "Saba," akasema. "Ungeuliza kwenye simu ningekwambia saba, na ungekaa ukahesabu ukajua. Mtoto yumo. Mtoto ni wetu." Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka mezani mbele ya yule binti. "Nilisema nitaufungua mbele ya wageni. Nimeufungua. Sikusema nampa nani."

Kaka yake akaitika, "Naam." Mume wa Mkwe akaangalia saa yake mpya. Nilimtazama yule mwanamume mpaka shingo yangu ikauma, nikingoja atoe hata neno la uongo, na halikutoka. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini wahenga hawakusema kwamba atakupikisha kwanza.

Mkwe alisimama. Mikono yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. Mwisho akachukua sahani ya Kijiko, akamwekea wali, akamwekea paja laini, akamkatia. Kijiko akaanza kula palepale, kama kawaida yake, anagonga sahani kwa furaha.

Yule binti wa Mwenye Ukumbi alikuwa ameusukuma ufunguo mbali kidogo. Uso umembadilika. Aliangalia bakuli, akamwangalia Mkwe, na nadhani ndipo akaelewa aliyempikia ni nani. Kwa sauti ndogo, ya adabu, akauliza:

"Dada, samahani. Hakuna karanga humu?"

Mimi nilijua jibu. Nilisugua sufuria lile kwa mikono hii. Mkwe alijua kuliko mimi. Yule binti asingepata chakula salama zaidi ya kile hata kwa mama yake mzazi. Neno moja lilitosha. Mkwe alimtazama, bila chuki, naapa haikuwepo chuki. Akavua aproni. Akaikunja mara mbili akaiweka juu ya mkono wa kiti cha Mama Jiko.

"Maswali yangu niliyauliza Jumatano," akasema. "Mwulizeni aliyenijibu."

Wote wakamgeukia Mama Jiko. "Hakuna," Mama akasema haraka. "Hakuna karanga. Mimi nawahakikishia."

"Wewe ulikuwa jikoni?" Mke wa Mwenye Ukumbi akauliza.

Mama akaitazama miguu yake. Miguu ile haikuwa imesimama jikoni hata kwa kuchemsha chai. Akanikazia macho mimi. "Redio. Waambie. Wewe ulikuwepo."

Na mimi, ambaye nimesema siri za mji mzima bila kuombwa, nikaangalia wali niliokuwa nimeubeba, nikaona unapoa, nikauweka mezani. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Kukiri kwangu kungekuwa kweli tupu, na ningeitoa ili wakae wale, wacheke, wapange harusi juu ya jasho la yule dada. Mdomo wangu ulikataa wenyewe.

Mwenye Ukumbi akaivuta sahani ya binti yake. "Usiguse," akasema. Mkewe naye akaiweka yake mbali. Yule mzee wa kuitika alikuwa ameshapakua, kijiko kikabaki hewani, akakirudisha polepole. Hakuna aliyegusa kitu. Mchuzi ukawa unafuka moshi katikati yao, unanukia nyumba nzima, na mezani pote anayekula ni Kijiko peke yake, midomo inang'aa mafuta, watu wazima sita wanamtazama.

"Mama, ongeza," Kijiko akasema.

Mkwe akamwongeza. Akamngoja amalize, taratibu, hakumharakisha. Mtoto alipomaliza akamfuta mdomo kwa kiganja, akamteremsha kutoka kwenye mito, akamshika mkono. Mume wake akasema, "Wewe, mtoto anabaki," lakini alilisema akiwa amekaa, na Mwenye Ukumbi akamtazama kwa jicho ambalo lilimkalisha zaidi. Mkwe akapita katikati ya sebule, mlango wa mbele, si wa uani, akatoka na alichovaa.

Wageni hawakukaa sana. Waliaga kwa maneno mafupi. Binti alimwambia yule dereva kwamba watazungumza, na namna alivyolisema ilikuwa ya mtu aliyemaliza kuzungumza. Ufunguo ulibaki mezani karibu na chumvi. Dereva akaondoka kuwafuata na hakurudi usiku ule, wala nisikudanganye kwamba alikwenda kumtafuta mkewe.

Niliposema "wageni hawakukaa" usifikiri Mkwe alishinda kitu. Hakushinda. Alipoteza chumba, jiko, mume na miaka aliyokaa kwenye simu ile, na mimi nilimwona wiki iliyofuata anafua nguo za watu kwenye nyumba ya kupanga, Kijiko ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuniuliza habari za huko. Aliniuliza kama nimekula.

Lakini jioni ile nilibaki kuosha vyombo, maana kazi ni kazi. Mama Jiko akaja jikoni anajikokota, ameshika ukuta. Amebeba lile bakuli mwenyewe. Akaliweka mezani, akalitazama. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na yeye karanga hazimdhuru. Angeweza kula. Lakini nilimwona anaunusa ule mchuzi kama mtu anayenusa nyumba aliyofukuzwa.

"Amekwenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui, Mama."

"Na mtoto amemchukua kweli?"

"Amemchukua."

Akakaa kwenye kigoda. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mteja asiyejua kuuliza, akasema, "Redio. Mle ndani, mlitia karanga?"

Nikaifuta mikono yangu kwa kanga ya Mkwe, ambayo bado nilikuwa nimeivaa.

"Hilo la tatu, Mama."

Akanifukuza kazi palepale, na haki yake. Nilipokuwa nachukua kanga yangu nje, nikamwona kupitia dirishani ananyanyua bakuli kwa mikono miwili na kulimwaga lote kwenye ndoo ya uchafu. Mchuzi mzuri ule. Niliuonja mimi mwenyewe.